Hundi iliyorudi na hundi iliyochacha

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi, Kamalondo. Mteja alinilipa kwa hundi ya faranga 400,000, benki ikairudisha. Na hundi ya 250,000 niliyomwandikia msambazaji mwaka jana haijaenda benki mpaka leo, nayo imepitwa na muda. Niziandike vipi?

Jibu: Hundi ya kwanza benki imekataa kuilipa, mara nyingi kwa sababu akaunti ya mteja haina fedha za kutosha. Uliiingiza upande wa mapokezi, safu ya benki; sasa andika 400,000 upande wa malipo. Deni linamrudia mteja: kwa mpango wa OHADA, akaunti 413. Ada ya benki iandike kando, la sivyo salio halitalingana na taarifa ya benki.

Ya pili ni kinyume. Benki haijatoa kitu, ila daftari lako lilikwisha kupunguza 250,000. Ziandike upande wa mapokezi, na msambazaji arudi kuwa mdai wako. Usiziite faida, bado unadaiwa. Mwombe airudishe hundi ya zamani kabla hujamwandikia mpya.