Kuku wa Krismasi Huanza Julai: Mafunzo Niliyopata kwa Kufuga na Kijana wa Gredi ya 8

Ninaishi Mutituni, chini ya vilima vya Iveti, na kwa miaka kadhaa nimewasimamia vijana wa ukoo wetu wanaotaka kupata pesa zao wenyewe wakati wa likizo. Wamejaribu mambo mengi, lakini lililodumu ni moja: kufuga kuku wa kienyeji kwa kufuata kalenda ya shule, waanguliwe Agosti na kuuzwa Krismasi. Haya ndiyo niliyojifunza, na mfano wangu ni binti wa kaka yangu, aliyeanza akiwa na miaka 14.

1. Anza na kile ambacho sheria inakikataa

Huku kwetu kazi ya likizo inayomwita kijana haraka zaidi ni mchanga. Lori linafika mtoni, wanatafutwa wa kupakia, na jioni kuna pesa taslimu mkononi. Lakini kingo zilizochimbwa huporomoka, na malori mengine huja usiku. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 iko wazi. Mtoto wa chini ya miaka 13 haajiriwi kabisa. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kusoma. Tena katika shughuli za viwanda na uchimbaji mtoto hafanyishwi kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Nilipoisoma sheria hiyo niliifanya kipimo cha kila wazo lililoletwa mbele yangu: je, kazi hii ni nyepesi, ni ya mchana, na inamwacha mtoto aende shule? Kuku wachache nyumbani kwao, chini ya macho ya wazazi, wanapita kipimo hicho. Mchanga haupiti, hata kama lori ni la mjomba.

2. Hesabu miezi kutoka Krismasi kurudi nyuma

Jogoo wa kienyeji huhitaji kama miezi mitano kufikia uzito ambao mnunuzi ataulipia vizuri. Bei hupanda wiki ya Krismasi, watu wa Nairobi wanaporudi nyumbani. Ukirudi nyuma karibu miezi mitano kutoka hapo, unafika mwanzoni mwa Agosti, shule zinapofungwa. Yai nalo huatamiwa siku 21. Kwa hiyo tetea anatakiwa awe amelala juu ya mayai kufikia siku ya kumi hivi ya Julai.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba Julai kijana yuko shuleni, na kazi kubwa anaifanya kuku mwenyewe. Vifaranga wanatoka kijana anapofunga shule, na zile wiki tatu za hatari kuliko zote zinaangukia likizo. Shule zikifunguliwa, vifaranga wamekwisha kuota manyoya na wanahitaji mtu asubuhi na jioni tu. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba inabaki kwa kunenepesha na kuuza.

3. Tetea waanze siku moja, na mayai yawe ya kuanguliwa kweli

Binti yetu alikuwa na tetea watatu, lakini hawakutaka kuatamia siku moja. Mama yangu, ambaye wajukuu wanamwita Susu, alimfundisha la kufanya. Wa kwanza anapokataa kutoka kiotani, mpe mayai ya kumshikilia, hata viza, mpaka wenzake wawe tayari. Kisha usiku mmoja unawaondolea yote na kuwawekea mayai mazuri. Vifaranga wakiwa wa rika moja, chakula, chanjo na soko huenda pamoja.

Kila tetea alipewa mayai 11, kwa sababu mayai yanayobaki nje ya mbawa hupoa. Hatukununua ya dukani, maana kuku wa biashara wa mayai hufugwa bila jogoo, na yai lisilo na mbegu halianguliwi. Aliyanunua kwa majirani wenye majogoo, yote yakiwa hayajazidi siku kumi tangu yatagwe. Hakuyaosha, kwa sababu kuosha huondoa utando unaozuia vijidudu kuingia. Viota vilinyunyiziwa jivu dhidi ya utitiri, maana tetea anayeng'atwa usiku huacha mayai.

Siku ya saba, gizani, alilishika kila yai mbele ya mwanga wa tochi. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myembamba inayosambaa. Yai lisilo na kitu linapitisha mwanga sawasawa. Kati ya mayai 33, matano yalikuwa matupu na yakaondolewa. Mwishoni mawili zaidi hayakuanguliwa, wakatoka vifaranga 26.

4. Wiki tatu za kwanza ndiyo kazi yenyewe

Agosti huku kwetu ni baridi na ukungu wa asubuhi, na baridi huua vifaranga wengi kuliko njaa. Usiku ule walipoanguliwa, vifaranga wote waligawanywa kwa tetea wawili, wakiingizwa chini ya mbawa gizani ili mama asiwakatae. Tetea wa tatu aliachiliwa, na baada ya muda akarudi kutaga. Usiku walilala ndani ya sanduku la mbao jikoni, na mchana walikaa chini ya tenga uani, ila hawakutolewa kabla umande haujakauka.

Kijana hujifunza kuwasoma. Vifaranga wanaojikusanya na kulia kwa sauti kali wanasikia baridi. Wanaotawanyika mbali na mama huku midomo wazi wanasikia joto. Waliotulia na kutawanyika kidogo wako sawa. Maji aliyaweka kwenye kisahani chenye vijiwe, ili mdogo asizame, na kuyabadilisha kila asubuhi. Chakula cha vifaranga kutoka agroveti walikula kama gramu 400 kila mmoja kwa wiki hizo tatu, yaani zaidi kidogo ya kilo 10 kwa kundi zima. Kila alipowashika alinawa mikono kwa sabuni, kwa sababu kinyesi cha kuku hubeba vijidudu vya kuharisha.

Wawili walikufa kwa baridi wiki ya kwanza. Baadaye mwewe alichukua wawili na nguchiro mmoja. Wakabaki 21. Kwa kuku wanaotembea nje huo ni mwisho mzuri, na ni heri mtoto aambiwe mapema kwamba si kila yai litakuwa kuku.

5. Chanjo haiishii kwenye ua wako

Kideri, ugonjwa ambao wengi wanauita Newcastle, huweza kumaliza kundi kwa siku chache. Dalili zake ni kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida na shingo kupinda. Hauna tiba, una chanjo tu, na chanjo hiyo huhitaji kama wiki mbili ndipo kinga ikomae. Ukingoja mpaka kuku wa jirani waanze kufa, umechelewa.

Kichupa cha chanjo mara nyingi huuzwa kwa dozi mia au zaidi, na kikishafunguliwa lazima kitumike siku hiyohiyo. Mwenye vifaranga 26 angetupa sehemu kubwa. Hapo binti alipita nyumba kwa nyumba, akifuatana na mama yake, akawaomba majirani wachange na wafungie kuku wao asubuhi moja. Mhudumu wa mifugo alikuja akadondosha tone moja kwenye jicho la kila kuku mzima. Aliyekuwa anaumwa aliachwa. Vifaranga walipata wiki ya kwanza, wakarudiwa wiki ya tatu, kisha kila baada ya miezi mitatu.

Faida haikuwa gharama kupungua tu. Kuku wetu na wao huchangamana njiani, na boma lisilochanjwa huhatarisha mengine yote. Kwa sababu hiyo hiyo, kuku yeyote anayenunuliwa au kuletwa zawadi hukaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa, hasa Desemba ambapo kuku wanasafirishwa huku na huku.

6. Kubalianeni ni mali ya nani kabla ya yai la kwanza

Nimeona kazi nzuri ikivunjika kwa sababu kijana alifuga miezi mitano, kisha wageni wakaja na kuku wawili wakachinjwa bila yeye kuulizwa. Kwa hiyo kabla ya Julai wazazi walikaa naye, wakaandika kwenye daftari: mtaji ni mkopo kutoka kwa mama, kuku ni wa binti, na atakayemla atalipa. Siku ya Krismasi walipotaka jogoo mmoja, kaka yangu alilipa shilingi 1,000 kama mnunuzi mwingine yeyote.

Daftari lilionyesha hivi. Mayai 660, chakula cha vifaranga 880, mchango wa chanjo 200, tenga na magunia 460, pumba na chenga za mahindi tangu Septemba hadi Desemba 1,800. Jumla shilingi 4,000. Majogoo walikuwa 10, wakaleta 10,000. Baada ya kumrudishia mama yake mkopo zilibaki 6,000. Mia sita kati yake zilimwendea mdogo wake, aliyewafungulia na kuwafungia kuku siku ambazo dada yake alichelewa shuleni. Malipo hayo nayo yalikuwa yameandikwa tangu mwanzo.

7. Mnunuzi aje nyumbani, na mizani iwepo

Mchuuzi wa pikipiki alitaka kila jogoo kwa shilingi 700. Binti aliazima mizani, akapima kila mmoja, na mama yake akawapigia simu majirani na jamaa waliokuwa wanarudi kwa sikukuu. Tofauti ya shilingi 300 kwa kila jogoo ilitoka kwenye simu hizo. Hakuna aliyemtuma mtoto peke yake na kuku sokoni Marikiti, wala nyumbani kwa mtu asiyemjua. Wanunuzi walikuja mchana, mzazi akiwepo. Pesa ziliingia kwenye simu ya mama, na binti akaziandika hapohapo. Safaricom ina akaunti ya M-Pesa Go kwa wenye miaka 10 hadi 17, inayounganishwa na mzazi, na mwaka uliofuata alianza kuitumia.

8. Mpango huu una mipaka yake

Anayesoma shule ya bweni hataweza, isipokuwa kuna mtu mzima aliyekubali kuwalisha kuku muhula mzima kwa malipo. Anayeishi kwenye nyumba ya kupanga mjini aanze kwa kumuuliza mwenye nyumba. Na anayeanza asizidishe tetea watatu, kwa sababu kundi likiwa kubwa chakula hakitoshi uani, pumba inageuka gharama kuu, na faida inaishia mdomoni mwa kuku.

Matemba 11 waliobaki hawakuuzwa. Kufikia mwaka mpya walikuwa karibu kuanza kutaga, na hao ndio waliompa mayai ya Julai iliyofuata bila kununua hata moja.