Miguu isiyotulia jioni: uhusiano wa madini ya chuma na mishipa ya fahamu

Kuna watu ambao mchana kutwa hufanya kazi bila tatizo lolote, lakini jua likishazama na wao kuketi kupumzika, miguu yao huanza kudai kutembezwa. Wengine husema ni kama vidudu vinavyotambaa ndani ya mashavu ya miguu, wengine kama maji yanayochemka ndani ya mifupa, na wengine hukosa kabisa neno la kuieleza hali hiyo. Haja ya kuusogeza mguu huwa kubwa mno hata haizuiliki. Mgonjwa akisimama na kutembea, hupata nafuu mara moja. Akirudi kuketi au kulala, hali hurejea upya.

Dalili nne ndizo zinazoutenganisha ugonjwa huu na maumivu mengine ya miguu: kuna haja ya kusogeza miguu, haja hiyo huanza au huzidi wakati wa kupumzika, hupungua kwa kutembea au kujinyoosha, na huwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi. Zote nne hazina budi kuwapo. Mtu ambaye msuli wake hukakamaa ghafla na kuwa mgumu kama jiwe hana ugonjwa huu. Vivyo hivyo, nyayo zinazowaka moto usiku na mchana, na ambazo kutembea hakuzisaidii, zina sababu nyingine, kwa mfano kisukari.

Mganga wa Kiingereza Thomas Willis aliueleza ugonjwa huu katika karne ya 17, lakini aliyeuchunguza kwa ukamilifu ni Karl-Axel Ekbom wa Sweden, katika kitabu alichokitoa mwaka 1945. Ekbom aligundua kuwa miongoni mwa wagonjwa wake wamo wengi wenye upungufu wa madini ya chuma. Msweden mwenzake, Nordlander, aliwatia wagonjwa chuma kwa sindano ya mshipa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wengi wakapata nafuu. Jambo lililowashangaza watu wa wakati huo ni kwamba baadhi ya waliopona walikuwa na chuma cha kutosha katika damu. Nordlander alipendekeza kuwa huenda viungo vya mwili vikapungukiwa na chuma hali damu haionyeshi upungufu wowote. Ilipita karibu nusu karne kabla ya wazo hilo kuthibitishwa.

Ili kuelewa jambo hili inafaa kukumbuka njia ya chuma mwilini. Sehemu kubwa ya chuma imo katika himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Sehemu nyingine huwekwa akiba, hasa katika ini, ndani ya protini iitwayo ferritini. Chuma kinapopungua, mwili hula kwanza akiba. Himoglobini huanza kushuka baadaye, wakati ghala limekwisha kuwa tupu au karibu tupu. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa damu katika zahanati, akaambiwa kuwa wekundu wa damu unatosha, na kumbe ghala lake halina kitu.

Ubongo nao una ugumu wake wa pekee. Chuma hakiingii humo ovyo. Hupita katika kuta za mishipa midogo ya damu ambazo huchagua kinachopita na kinachozuiliwa. Mwaka 2000 watafiti wa Baltimore nchini Marekani walipima maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, wakakuta kwamba wagonjwa wa miguu isiyotulia walikuwa na ferritini kidogo katika maji hayo, ingawa ferritini ya damu yao haikuwa tofauti na ya watu wazima wa afya. Mwaka 2003 zilichunguzwa bongo za wagonjwa waliokwisha kufariki. Katika sehemu moja ya ubongo wa kati, iliyo nyeusi kwa rangi, chuma kilikuwa kidogo kuliko kawaida. Seli za sehemu hiyo hazikuwa zimekufa, kama inavyotokea katika ugonjwa wa Parkinson ambao huharibu mahali hapohapo. Zilikuwa hai, lakini zilikuwa na njaa ya chuma.

Sehemu hiyo nyeusi ndiyo inayotengeneza dopamini, kemikali ambayo seli za fahamu huitumia kupashana habari, hususan habari za mwendo. Dopamini hutengenezwa kutokana na tirosini, asidi-amino inayopatikana katika vyakula vya protini. Hatua ya kwanza ya kuibadili tirosini hufanywa na kimeng'enya ambacho hakiwezi kufanya kazi bila atomu ya chuma katikati yake. Hapa mwanafunzi anaweza kukata shauri upesi: chuma kidogo, dopamini kidogo, basi miguu hukosa utulivu. Maelezo hayo ni mepesi kupita kiasi. Bongo zilezile zilipochunguzwa zaidi, ilionekana kuwa kimeng'enya hicho kilikuwa kikifanya kazi kwa bidii kuliko kawaida, lakini seli zinazopokea dopamini zilikuwa na vipokezi vichache. Inaelekea kuwa njaa ya chuma huvuruga mfumo mzima. Dopamini hupanda na kushuka kila siku kwa mzunguko wa saa 24, na kiwango chake ni cha chini zaidi jioni na usiku. Kwa mtu wa afya mshuko huo hauonekani. Kwa yule ambaye vipokezi vyake ni vichache, mshuko mdogo tu hutosha kuiacha miguu bila amri ya kutulia. Chuma cha damu nacho hushuka usiku. Ndiyo sababu ugonjwa huu hufuata saa.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Mama mmoja mwalimu, mwenye umri wa miaka 34 na watoto watatu, husahihisha madaftari kila siku baada ya chakula cha usiku. Ifikapo saa mbili na nusu hawezi tena kuketi. Husahihisha amesimama, daftari likiwa juu ya kabati, na usiku wa manane huzunguka uani huku wenzake wamelala. Mchana husinzia darasani. Katika zahanati himoglobini yake ni gramu 12.4 kwa desilita, nayo ni ya kawaida. Anapewa promethazini ili apate usingizi, na usiku huo miguu inakuwa mibaya zaidi. Hilo si ajabu, kwani promethazini, pamoja na dawa nyingine za mzio zinazoleta usingizi, zinajulikana kuuzidisha ugonjwa huu. Metoklopramidi, inayotolewa kuzuia kutapika, ni mbaya vilevile, maana huziba vipokezi vya dopamini.

Baadaye anapimwa ferritini katika hospitali kubwa, na jibu ni mikrogramu 18 kwa lita. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa akiba ya mtu mzima imekwisha ferritini ikiwa chini ya 15, kwa hiyo kwa kipimo hicho mama huyu amepona chupuchupu. Lakini kwa ugonjwa wa miguu isiyotulia, wataalamu wa kimataifa walishauri mwaka 2018 kwamba chuma kitolewe ikiwa ferritini ni 75 au chini yake. Tofauti ya 15 na 75 ndiyo maana ya somo hili lote: kiasi kinachotosha kutengeneza damu si lazima kiutoshe ubongo.

Kuna hadhari moja katika kipimo hiki. Ferritini hupanda mtu anapokuwa na homa, malaria au uvimbe wowote mwilini, hata kama ghala ni tupu. Jibu la 90 lililopatikana wakati wa homa halimwambii daktari lolote la kutegemewa, na yafaa kipimo kirudiwe baada ya mgonjwa kupona.

Sasa hesabu, ambayo darasa linaweza kuifanya ubaoni. Kila mikrogramu moja ya ferritini katika lita ya damu huwakilisha takriban miligramu 8 za chuma katika ghala. Kutoka 18 hadi 75 ni 57, na 57 mara 8 ni miligramu 456. Kidonge kimoja cha salfeti ya chuma kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe, lakini utumbo hunyonya sehemu ndogo tu. Ikikadiriwa kuwa moja ya kumi, ni miligramu 6.5. Gawanya 456 kwa 6.5, nayo huleta siku 70. Mgonjwa anayeacha vidonge baada ya wiki mbili kwa kuwa havikumsaidia amekata tamaa kabla ghala halijajaa hata robo. Chai inayonywewa pamoja na kidonge hupunguza unyonywaji. Chungwa au ndimu huuongeza. Vidonge viwili kwa siku havileti faida maradufu, kwa kuwa ini likipokea chuma kingi hutoa homoni inayoufunga mlango wa utumbo kwa muda wa siku moja hivi.

Chuma hakipotei mwilini kwa urahisi, kwa hiyo kikizidi hudhuru ini na moyo. Mtu aliyetiwa damu mara nyingi, kama baadhi ya wagonjwa wa selimundu, huweza kuwa na chuma cha ziada, na kumpa vidonge bila kupima ni kosa. Vidonge hivyo vinaweza kumuua mtoto mdogo anayevimeza akidhani ni peremende. Tena si kila mgonjwa huponywa na chuma: wako waliorithi ugonjwa katika ukoo, na wako wenye figo zilizoshindwa kazi. Wajawazito wengi hupatwa na hali hii katika miezi mitatu ya mwisho, wakati mtoto anapochota chuma kwa wingi, na mara nyingi huondoka wiki chache baada ya kujifungua.

Mama wa mfano wetu alipimwa tena baada ya siku 70. Alikuwa akilala vizuri zaidi, ingawa si kila usiku, na ferritini yake ilikuwa 61, si 75. Je, kingine kilikwenda wapi? Alichopokea kwa vidonge ni miligramu 455. Kilichoingia ghalani ni 43 mara 8, yaani 344. Pamepotea 111. Mililita moja ya damu yake ina karibu miligramu 0.4 za chuma, kwa hiyo 111 ni sawa na mililita 278 hivi za damu. Katika siku hizo alipata hedhi mara tatu, yaani kama mililita 93 kila mara, na hedhi inayozidi mililita 80 huhesabiwa kuwa nzito. Hesabu hii ni ya makadirio, kwani chakula nacho huleta chuma chake, lakini ilitosha kumfanya daktari amwulize swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza, na kumpeleka kwa mtaalamu wa magonjwa ya wanawake.