Kuulizana Ufilisi Usiku wa Mtihani

Orodha ya wadai iliyokaririwa kama shairi huvurugika swali likigeuzwa kidogo. Afadhali mmoja atunge kampuni na deni zake, mwenzake agawe pesa, kila shilingi iandikwe. Hivi ndivyo wanafunzi wawili wa chumba kimoja mtaani Nyanchwa, Kisii, wanavyoweza kukesha wakiulizana:

— Kampuni ya mikate Keroka imefilisiwa. Benki inadai milioni 3, dhamana yake ni jengo. Jengo limeuzwa milioni 2.5. Mali nyingine imeleta 1,700,000. Anza.

— Benki inachukua milioni 2.5 za jengo.

— Na laki 5 zilizobaki?

— Kwa hizo, benki inapanga foleni na wadai wasio na dhamana.

— Sawa. Hiyo 1,700,000 je?

— Serikali kwanza, kodi ya mishahara…

— Hapana, dada! Mbele kuna mfilisi na gharama za ufilisi. Weka laki 3.

— Zinabaki 1,400,000. Halafu wafanyakazi.

— Wako 5, mshahara 30,000 kila mmoja, hawajalipwa miezi 6.

— Kila mmoja 180,000, jumla laki 9.

— Yote yana kipaumbele?

— Aa, miezi 4 ya mwisho tu kabla ya ufilisi kuanza. Basi 120,000 kila mmoja, jumla laki 6. Laki 3 zinashuka chini.

— Na kama mshahara ungekuwa 60,000?

— Miezi 4 ni 240,000, lakini kikomo ni 200,000 kwa mtu.

— Vizuri. Rudi kwa 30,000. Kodi ya mishahara iliyokatwa bila kupelekwa ni laki 3.

— Kwenye laki 8 zilizobaki, natoa 3. Zinabaki 5.

— Muuza unga anadai 1,200,000.

— Jumlisha laki 5 za benki na 3 za wafanyakazi: milioni 2. Wote wana haki sawa, kwa hiyo kila shilingi inalipwa senti 25. Muuza unga anapata laki 3.

— Wenye hisa?

— Hawapati kitu.

Mpangilio wa gharama, mishahara, kisha kodi uko katika Jedwali la Pili la Sheria ya Ufilisi ya 2015. Wengi huteleza pale mdai mmoja anapogawanyika, kama benki na wafanyakazi hapa. Muulizaji abanie hapo. Akimaliza, abadilishe jambo moja tu: dhamana ya benki isiwe jengo, iwe ile inayoelea juu ya bidhaa za kampuni. Hapo wafanyakazi na kodi ya mishahara hulipwa kabla ya benki. Anayejibu akiiacha benki mbele, arudie hesabu tangu mwanzo kabla ya kulala.