Kukunja Pembetatu

Ndugu wanafunzi, nanyi mliokwisha kuondoka shuleni, sote twajua kwa moyo kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni digrii 180. Lakini nikimwuliza mtu sababu yake, mara nyingi hukimbilia kipimapembe. Kupima si sababu. Penseli butu yaweza kukupa 179 au 181, na tena umepima pembetatu moja tu. Basi chukueni karatasi, niwaonyeshe.

Piga mstari BC wa sentimita 14. Tia alama D juu yake, sentimita 5 kutoka B. Kutoka D panda wima sentimita 12. Hapo ndipo A. Unganisha A na B, na A na C, kisha kata pembetatu yako kwa mkasi. AB itakuwa sentimita 13 na AC 15.

Sasa kunja ncha A ishuke mpaka D. Mkunjo utakata AB mahali tutakapopaita E, na AC mahali tutakapopaita F. Halafu kunja B ije D, na C vivyo hivyo. Ncha tatu zimekutana pale D, zimejaza upande mzima wa mstari BC, wala hapana nafasi kati yao, wala hazikupandana.

Kwa nini zitoshee hivyo? Mkunjo wa kwanza umepita katikati ya A na D, nao ni sambamba na BC, sentimita 6 juu yake. Kwa hiyo umekata AB katikati: EA ni sawa na EB, sentimita 6 na nusu kila kipande. Tena A imelala juu ya D, basi ED ni sawa na EA. Kumbe EB na ED ni sawa! Ndiyo maana B ikikunjwa ije D, mkunjo wapita E, na ukingo EB walala barabara juu ya ED, pale pale ulipolala ukingo EA. Pembe B na pembe A zagusana katika mstari mmoja. Upande wa F ni vivyo hivyo. Na kingo zilizobaki za B na C zimelala juu ya BC yenyewe, ambao ni mstari ulionyooka.

Angalieni kwamba sababu hii haikutegemea 13, 14 wala 15. Ni ya kila pembetatu.

Ukimaliza, utapata mstatili wa sentimita 7 kwa 6. Ukiona upenyo kati ya ncha, pima E na F kutoka BC. Huenda moja imepanda kuliko nyingine.

Pembetatu yako ikiwa na pembe iliyozidi digrii 90, fanya upande mrefu kabisa uwe BC. La sivyo D itaangukia nje ya karatasi.