Runinga yako inakula uniti ngapi kwa mwezi?

Ujumbe wa tokeni ukiingia kwenye simu, wengi wetu tunabonyeza zile namba 20 kwenye mita halafu tunausahau. Usiufute bado. Angalia palipoandikwa Amt, hizo ni pesa ulizolipa, na Units, hizo ni uniti ulizopata. Gawanya pesa kwa uniti. Sema ulilipa shilingi 700 ukapata uniti 25, basi uniti moja imekugharimu shilingi 28. Tutatumia bei hiyo hapa, lakini wewe weka yako, maana bei hupanda na kushuka mwezi hadi mwezi.

Sasa runinga. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Nyuma ya runinga kuna kibandiko chenye wati zake, lakini mara nyingi hicho ni kiwango cha juu kabisa, kwa hivyo ukipiga hesabu nacho utajitisha bure. Ni afadhali kuiuliza mita. Mita nyingi zina taa ndogo inayomweka, na kando yake pameandikwa kama 1000 imp/kWh, yaani taa ikimweka mara 1,000 umemaliza uniti moja.

Zima kila kitu nyumbani isipokuwa runinga. Chomoa friji, chaja, ruta, hata dekoda kama unaweza kucheza video kutoka kwa flashi. Kisha shika saa ya simu, uhesabu sekunde kutoka mmweko mmoja hadi unaofuata. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, na jibu ni wati. (Ikiwa yako imeandikwa 1600, anza na 2,250 badala ya 3,600.) Rudia mara tatu hivi. Taa ikianza ghafla kumweka haraka, kuna kitu umesahau kuzima, na mara nyingi ni friji iliyoamka. Kama mita yako iko kwenye nguzo na ndani una kibodi tu, soma salio la uniti, uache runinga peke yake kwa saa tano, halafu usome tena.

Tuchukue mfano wa runinga ya LED ya inchi 43, iliyowekwa kwenye picha ya Vivid, ile kali inayotumika madukani kuvutia wateja. Taa inamweka kila sekunde 40, kwa hivyo ni wati 90. Nyumba hiyo huwasha runinga saa sita kwa siku. 90 mara 6 mara siku 30 ni 16,200, ukigawanya kwa 1,000 unapata uniti 16.2. Kwa shilingi 28, hiyo ni kama shilingi 454 kwa mwezi.

Wakashusha mwanga wa nyuma hadi katikati. Taa sasa inamweka kila sekunde 60: wati 60, uniti 10.8, karibu shilingi 302. Runinga ni ile ile, vipindi ni vile vile, na wamebaki na shilingi 150.

Lakini kuna mtego kwenye rimoti. Katika runinga nyingi za LED, stima nyingi huliwa na taa zilizo nyuma ya kioo, na hizo hupunguzwa kwa Backlight. Kile kinachoitwa Brightness mara nyingi hubadilisha tu weusi wa picha, na uniti haziguswi. Kampuni nyingine tena hutumia jina hilo hilo la Brightness kwa taa zenyewe, kwa hivyo usitegemee jina. Weka picha yenye sehemu nyeupe kubwa na sehemu nyeusi, kisha ushushe. Nyeupe ikififia, umegusa taa. Nyeupe ikibaki kali huku nyeusi ikimeza nywele na nguo, rudisha ulipotoa utafute kipengele kingine. Pima jioni, kwa sababu mwanga unaotosha usiku unaweza kuwa hafifu mchana dirisha likiwa wazi.

Kwa nyumba inayotumia kama uniti 34 kwa mwezi, zile uniti 5.4 zilizookolewa zina uzito zaidi. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani hupangwa kwa wastani wa matumizi yao ya miezi mitatu: hadi 30, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Nyumba hiyo ikishuka hadi 28.6 na kukaa hapo, wastani wake utaingia kundi la chini, ambako kila uniti, hata ya pasi na balbu, ni nafuu. Haitaonekana mwezi huu. Weka ujumbe wa tokeni wa leo, uulinganishe na ule wa baada ya miezi mitatu au minne, ukigawanya Amt kwa Units kwa kila mmoja.