Dondoo muhimu: IST au Forester, ipi itakula hela zaidi?

Bei ya kununulia isikuzuge. Kadiria kilomita 15,000 kwa mwaka, kisha pigia kila gari hesabu yake.

Mafuta kwanza, na usimwamini dalali. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika odometa, tembelea siku kadhaa, jaza tena, kisha gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Tuseme IST imetoa 15 na Forester 10: ni lita 1,000 dhidi ya 1,500. Lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni milioni moja na nusu.

Kwenye matairi ndiko wengi hunaswa. Forester husukumwa na magurudumu yote manne, hivyo matairi yanatakiwa yalingane. Jipya moja kati ya matatu yaliyolika huchosha mfumo wa kugawa nguvu. Likipasuka moja, huenda ukanunua yote manne.

Sevisi: plagi za Forester zimelala ubavuni mwa injini, kwa hiyo ulizia na ufundi, si vipuri tu.

Mwisho, toa bei ya kuuzia kwenye ya kununulia, gawa kwa miaka. Gari la milioni 14 likiuzwa 11 baada ya miaka mitatu, limekula milioni moja kila mwaka, hata kama halikuwahi kuharibika.