Radiani kwenye gurudumu la chukudu

Chukudu zinazoshuka kutoka Kibumba kwenda Goma zikiwa na magunia ya viazi na kabichi zina magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Mwanafunzi anayejua kupima pembe kwa digrii tu anaweza kujifunza radiani kwenye gurudumu hilo, akiwa na kamba nyembamba isiyovutika, chaki na rula.

Aanze kwa kulipima gurudumu kutoka katikati ya ekseli hadi ukingo wa nje, mpira ukiwa ndani ya kipimo. Tuseme amepata sentimita 20. Hicho ndicho nusukipenyo. Sasa akate kamba ya urefu huohuo, sentimita 20, ailaze juu ya mpira ikifuata mviringo wake, kisha aweke alama ya chaki pale kamba inapoanzia na pale inapoishia. Kutoka kila alama achore mstari hadi kwenye ekseli. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ni radiani 1. Ni pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusukipenyo, basi.

Aendelee kuilaza kamba, kila mara akianzia pale alipoishia. Ataiweka mara 6, na kabla ya kurudi kwenye alama ya kwanza patabaki pengo dogo la karibu sentimita 5.7. Pengo hilo ni kama robo ya kamba na ziada kidogo, yaani 0.28 ya urefu wake. Kwa hiyo mzunguko mzima ni radiani 6.28, na nusu ya mzunguko ni radiani 3.14. Hapo pai inajitokeza yenyewe: digrii 180 ni radiani π, na radiani 1 ni digrii 57.3 hivi.

Pengo hilo linastahili kuangaliwa vizuri, maana ndilo linaloonyesha kama kazi imefanywa sawasawa. Akimaliza mzunguko kwa kamba 6 kamili bila kubakiza kitu, ajue kwamba kamba haikufuata mviringo. Ilivutwa ikanyooka kutoka alama hadi alama, ikakata kona. Mstari ulionyooka wenye urefu wa nusukipenyo hufungua pembe ya digrii 60, na sita za namna hiyo hujaza digrii 360 bila mabaki. Tao lenye urefu huohuo hufungua pembe ndogo kidogo, digrii 57.3, kwa sababu sehemu ya urefu wake imetumika kupinda.

Arudie zoezi kwenye gurudumu dogo zaidi, la nusukipenyo cha sentimita 15, kwa kamba ya sentimita 15. Tena ataiweka mara 6 na pengo, safari hii la sentimita 4.2. Gurudumu limebadilika na kamba pia, lakini pembe haikubadilika. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya radiani na digrii. Kugawa duara vipande 360 ni urithi wa Babeli ya kale. Wababeli wangeweza kuchagua 100 au 400, na duara lisingelalamika. Radiani haikungoja mtu achague namba. Duara linapimwa kwa nusukipenyo chake lenyewe, na kwa kuwa tunagawa sentimita kwa sentimita, jibu linabaki namba tupu.

Faida yake inaonekana gurudumu linapoanza kubingirika. Kila sehemu ya ukingo inayogusa ardhi inaacha nyuma urefu uleule wa njia, kwa hiyo umbali uliosafiriwa ni urefu wa tao. Kanuni ni fupi:

s = r × θ

Hapa s ni umbali, r ni nusukipenyo na θ ni pembe kwa radiani. Chukudu ikisonga mita 3, yaani sentimita 300, gurudumu la sentimita 20 limezunguka radiani 15, kwa kuwa 300 ÷ 20 = 15. Kama gurudumu la pili la chukudu hiyo lina nusukipenyo cha sentimita 15, lenyewe limezunguka radiani 20 katika njia ileile. Anayetaka kujua ni mizunguko mingapi agawe kwa 6.28: gurudumu kubwa limezunguka mara 2.4 hivi, dogo mara 3.2. Kwa digrii angelazimika kutafuta mzingo kwanza, kisha kuzidisha kwa sehemu ya 360. Jibu lingekuwa lilelile, ila kwa njia ndefu inayoficha jambo lenyewe.

Hesabu hii ina masharti. Aliyepima mbao akasahau mpira wenye unene wa sentimita 1.5 ataandika r = 18.5, na zile radiani 15 zitampa sentimita 277.5 badala ya 300. Njia nzuri ya kuhakiki ni kuweka alama ya chaki kwenye mpira, kulibingirisha gurudumu mzunguko mmoja kwenye ardhi tambarare na kupima njia. Ikiwa ni karibu sentimita 126, nusukipenyo ni 20 kweli. Sharti la pili ni gurudumu kutoteleza. Kwenye mteremko, mwendeshaji akikanyaga breki hadi gurudumu likwame, chukudu inaburutwa huku pembe haiongezeki, na umbali halisi unakuwa mkubwa kuliko r × θ.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwenye duara kubwa kuliko yote tunayoyatembea. Kibumba iko takriban digrii 1.5 kusini mwa ikweta. Zidisha 1.5 kwa π, gawa kwa 180, utapata radiani 0.0262. Nusukipenyo cha dunia ni kilometa 6,371 hivi. Kuzidisha namba hizo mbili kunatoa kilometa 167, nao ndio urefu wa tao kutoka Kibumba kwenda kaskazini moja kwa moja hadi ikweta. Barabara ya Rutshuru na Kanyabayonga inavuka mstari huo baada ya Lubero, kabla ya kufika Butembo, lakini kwa kona zake za milimani safari ni ndefu kuliko hesabu. Aliyesahau kubadilisha digrii akazidisha 1.5 kwa 6,371 atapata zaidi ya kilometa 9,500, umbali ambao ungemtoa Afrika kabisa. Jibu la namna hiyo likitokea, kosa ni kwamba θ haikuwa radiani.

Kwenye kikokotoo kosa hilo hujificha zaidi, kwa sababu mashine haitakuonya. Andika sin 30. Ukipata 0.5, kikokotoo kiko kwenye DEG. Ukipata −0.988, kiko kwenye RAD na kimechukua 30 kuwa radiani, karibu mizunguko mitano. Kipimo kingine ni pembe ndogo. Kwenye RAD, sin 0.1 inatoa 0.0998, karibu 0.1 yenyewe, na sababu inaonekana kwenye kamba: tao fupi halijapata nafasi ya kupinda, hivyo linakaribia kulingana na mstari ulionyooka. Kwenye DEG jibu ni 0.0017, ambalo ni ile 0.1 ikiwa imezidishwa kwa π na kugawanywa kwa 180. Na usisubiri kuona alama ya π ndipo uamini kwamba ni radiani. Pembe iliyoandikwa 2 tu, bila alama ya digrii, ni radiani 2: kamba mbili kwenye ukingo, digrii 115 hivi.